Mnyororo Ulioanzia kwa Mwana

Uko mchezo mmoja wa maneno ambao hautaki chombo chochote ila kalamu na karatasi, na pengine hata hivyo havihitajiwi. Mtu mmoja hutoa neno la kwanza. Mwenziwe hulitafutia neno la kulifuata, mpaka yale mawili yawe neno moja ambatano. Kisha nusu ya pili ya neno hilo huchukuliwa ikawa mwanzo wa neno jingine ambatano, na nusu ya pili ya hilo nayo ikawa mwanzo wa jingine, vivyo hivyo mpaka mchezaji akwame. Tukipewa bata, kwa mfano, twaweza kusema batamaji; maji yakatupa majitaka; na hapo taka imekaa inatungoja tuione itatupeleka wapi. Kila neno ni pete iliyoshika pete iliyotangulia, na kwa hiyo mchezo huu nauita mnyororo.

Nataka, msomaji, tuitazame minyororo mitatu iliyofungwa na wanafunzi watatu wa darasa moja, tuihukumu pete kwa pete. Nina sababu yangu ya kuichagua hiyo. Niliihukumu mara moja zamani, nikaihukumu vibaya, na tuzo ikaenda kwa asiyestahili.

Ilikuwa saa ya mwisho ya siku. Niliandika ubaoni neno mwana, nikawapa wanafunzi robo saa, nikawaambia kwamba mwenye mnyororo mrefu atapata kalamu ya wino niliyokuwa nayo mfukoni. Sikuweka sharti jingine. Nilipokusanya karatasi nilihesabu pete kama mtu ahesabuye machungwa sokoni, na baada ya kuhesabu nikatoa kalamu. Mnyororo wa kwanza ulikuwa na pete tano: mwanamaji, majitaka, takataka, takatifu, tifutifu. Wa pili ulikuwa na nne: mwanadamu, damumoto, motokaa, kaakaa. Wa tatu ulikuwa na tatu tu: mwanaanga, angahewa, hewaukaa. Huo wa tatu niliuandikia chini kwa wino mwekundu, "Umekata tamaa mapema." Maneno hayo yananiuma hata leo.

Tuanze na mnyororo ulioshinda. Pete yake ya kwanza, mwanamaji, ni njema kabisa. Ni mwana na maji, na maana yake ni mtu ambaye kazi yake ni ya majini, yaani baharia. Wakiwa wengi ni wanamaji. Angalia kwamba alama ya wingi imeingia mwanzoni tu, na maji hayakuguswa. Jaribu pia kuingiza neno katikati ya nusu hizo mbili: waweza kusema mwanamaji hodari, lakini huwezi kusema mwana hodari maji. Nusu hizi zimegandamana, hazikubali mgeni kati yao. Haya mawili, alama ya wingi na kukataa mgeni, ndiyo majaribio ninayoyatumia siku zote kutambua neno ambatano. Kuandikwa pamoja au mbalimbali si jaribio, kwani waandishi wetu hawajapatana. Mmoja huandika garimoshi, mwingine gari moshi, na chombo ni kile kile kimoja. Walakini hakuna hata mmoja wao asemaye gari kubwa moshi. Ama gari la moshi ni jambo jingine: ile la imewatenganisha wawili hao, nasi tumerudi kwenye fungu la maneno.

Pete ya pili, majitaka, nayo ni njema. Ni maji yaliyokwisha kutumika yakachukua uchafu, na mamlaka za maji huliandika neno hili kila siku katika shughuli zao. Mpaka hapo mwanafunzi wangu alikuwa ametembea vizuri, tena kwa akili, maana si kila mtu angeona kwamba kutoka kwa mwana kuna njia ya kufika kwenye taka kwa hatua mbili.

Kisha akaandika takataka. Neno hili lipo, nalo ni la kawaida sana. Lakini ni neno gani? Ni taka iliyosemwa mara mbili. Hakuna neno la pili lililokuja kuambatana na la kwanza. Ni lile lile limejitazama kiooni. Tukilikubali katika mnyororo, basi nusu yake ya pili ni taka, na taka yaweza kuanza takataka nyingine, na hiyo nyingine tena, na mchezaji aweza kujaza daftari zima bila kusogea hata unyayo. Kiswahili kinapenda sana kukariri maneno kwa namna hii: majimaji, tifutifu, kizunguzungu. Ni pambo zuri la lugha, na lina kazi yake katika maana, lakini katika mchezo huu ni gurudumu linalozunguka hewani na gari halitoki mahali pake. Pete ya tatu naikataa.

Ya nne, takatifu, ni mbaya zaidi, kwa sababu inadanganya macho. Mwanafunzi aliona taka mwanzoni mwa neno, akakata hapo, akabaki na tifu mkononi. Je, neno hili limeshonwa mahali hapo? Tazama jamaa zake. Kutoka kwa danganya tumepata danganyifu. Kutoka kwa sahau tumepata sahaulifu. Mkia wao ni ifu, mkia unaogeuza tendo kuwa sifa. Vivyo hivyo kutoka kwa takata, yaani kuwa safi, tumepata takatifu. Ukilipasua neno hili kwa haki utapata takat upande mmoja na ifu upande wa pili, na wala hapana nusu iwezayo kusimama peke yake. Tena neno lenyewe halisimami pasipo kuvikwa kiambishi: twasema mtu mtakatifu, mahali patakatifu, kitabu kitakatifu. Kwa hiyo tifu aliyoichukua mwanafunzi ni kipande cha nguo kilichokatwa katikati ya maua. Akakichukua kipande hicho, akakishona na kipande kingine kama hicho, akapata tifutifu, neno tunalolitumia kwa udongo laini wa kulimia. Udongo huo ni mzuri, lakini hapa haukufika kwa njia ya halali, na hata ungefika, ni kukariri tena.

Basi katika pete tano zimebaki mbili.

Mnyororo wa pili unafurahisha zaidi kuusoma, nami nakiri kwamba mwandishi wake alikuwa na sikio. Tatizo lake ni kwamba alitumia sikio peke yake. Sema mwanadamu kwa sauti na utaisikia damu wazi kabisa. Isitoshe maana yenyewe inakubali, kwani mtu gani asiyekuwa na damu? Nimewahi kumsikia mtu mzima akieleza kwamba tunaitwa wanadamu kwa sababu damu yetu sote ni nyekundu. Ni maelezo matamu, lakini si ya kweli. Mwanadamu ni mwana wa Adamu. Ushahidi uko katika ndugu yake, binadamu. Hapo mbele limekaa bin, neno la Kiarabu lenye maana ya mwana, nalo linaishia na herufi n. Ukiliondoa bin, kinachobaki ni adamu, na ile a ya mwanzo ipo, haikupotea. Katika mwanadamu, a ya mwisho ya mwana na a ya mwanzo ya Adamu zilikutana zikamezana, ikabaki moja. Mshono umefichwa ndani ya herufi moja, na ndiyo sababu watu wengi hukata upande usio wake. Tukitaka kuendelea kutoka hapo kwa haki, neno letu la kuanzia ni Adamu, wala si damu; na kwa Adamu sijui neno ambatano lolote linaloanza naye.

Pete iliyofuata, damumoto, mwanafunzi aliiunda mwenyewe kwa kuyasogeza maneno mawili mpaka yakagusana. Watu husema fulani ana damu moto, ndiyo, lakini hawajaligandamanisha likawa jina la kitu. Hapa, msomaji, pana mpaka ambao ni lazima uwekwe kabla ya mchezo kuanza: tunafunga mnyororo kwa maneno ambayo lugha inayo tayari, si kwa maneno ambayo tungependa iwe nayo. Bila mpaka huo hapana mchezo, maana jina lolote laweza kusogezwa karibu na jina lolote. Mnapocheza wekeni kamusi moja mezani, na anayedai neno alioneshe humo, au aoneshe mahali lilipotumiwa na watu wengine wala si yeye.

Motokaa ni jambo la kufikirisha. Mwanafunzi aliona moto na kaa, akaridhika, kwani injini si ina moto, na kaa si ni la moto? Lakini neno hili lilitoka kwa Waingereza likiwa zima, kama mtu amezavyo kidonge. Moto iliyomo ndani yake haikuwaka kamwe. Ni sauti ya Kiingereza iliyopita vinywani mwetu ikatokea kufanana na neno letu. Na kaa iliyo mwisho si kaa la moto, wala kaa wa pwani, wala tendo la kukaa. Kwao Waingereza neno hili lina mshono. Kwetu halina, maana halikushonwa hapa. Lilinganishe na garimoshi. Gari na moshi ni maneno tunayoyatumia kila siku, tena tunayajua maana, na mtu aliyeona mashine ile ikipita inatoa moshi alijua kwa nini yameunganishwa. Basi garimoshi ni pete, motokaa si pete.

Kaakaa, yaani sehemu ya juu ya ndani ya kinywa, ni kioo tena. Kwa hiyo mnyororo wa pili, ambao mwanzo ulionekana kuwa na pete nne, hauna hata moja ya kuutumainia, isipokuwa mwanadamu, nayo haielekei ulikoelekezwa.

Kabla ya kufika kwa mnyororo wa tatu yafaa tujiulize kwa nini wanafunzi hawa wawili, ambao hawakuwa wajinga, walilazimika kughushi. Sababu haikuwa uvivu. Mchezo huu wenyewe ni mgumu katika Kiswahili kuliko ulivyo katika lugha nyingine, na ugumu huo unatokana na jinsi lugha yetu inavyopanga maneno yake.

Wachukue Wajerumani, ambao maneno yao ambatano ni mengi mno. Mjerumani akitaka kusema mlango wa nyumba kwa neno moja, hutanguliza nyumba, kisha mlango: nyumba-mlango. Neno kuu, lile linalotaja kitu chenyewe, hukaa mwisho. Kitasa cha mlango huo ni mlango-kitasa. Neno lao la kitasa ndilo hilo hilo wanalolitumia kwa kasri la mfalme, kwa kuwa yote mawili yatokana na tendo la kufunga; basi bustani ya kasri huwa kasri-bustani. Nyumba ndogo iliyo bustanini ni bustani-nyumba. Na sasa tumerudi kwenye nyumba tulikoanzia, na mnyororo umekuwa duara! Jambo hili kwao ni rahisi kwa sababu neno lililo mwisho ni jina kamili lenye nguvu, na jina lolote kamili laweza kusogezwa mbele likawa mwanzo wa jingine.

Katika Kiswahili neno kuu hukaa mbele. Batamaji ni bata, si maji. Majitaka ni maji. Askarikanzu ni askari aliyevaa kiraia, wala hatukusudii kanzu ya namna fulani. Kile kijacho nyuma ni mtumishi tu anayemweleza bwana wake. Na mchezo wetu unataka nini? Unataka kumtwaa yule mtumishi aliye nyuma na kumketisha mbele katika neno linalofuata, naye awe bwana. Watumishi wengi hawawezi. Kanzu haiwezi, sijapata neno ambatano linaloanza nayo. Milia ya pundamilia haiwezi. Funzi ya mwanafunzi haiwezi hata kusimama peke yake, licha ya kutawala. Tukichunguza tutaona kwamba nusu za maneno yetu ni za aina tatu. Ziko zinazokaa mbele tu, hasa zile zilizotokana na matendo, kama vile kipima, kifungua, mlinda na mpiga. Hizo ni nzuri kwa kuanza lakini hazipokei kamwe. Ziko zinazokaa nyuma tu, na humo zimo sifa, kama safi katika majisafi na hai katika viumbehai. Mtu akizifikia amefika ukutani. Na liko kundi dogo, dogo sana, la majina yanayoweza kukaa pande zote mbili. Maji ni mojawapo. Hewa pia, na anga, na joto, na ardhi. Mnyororo wa Kiswahili hauwezi kupita popote ila juu ya majina hayo machache, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe yaliyojitokeza.

Hapo ndipo tunapoona alichokifanya mwanafunzi wa tatu. Alipewa mwana, neno ambalo lina watoto wengi kuliko maneno karibu yote ya lugha yetu: mwanafunzi, mwanasheria, mwanajeshi, mwanachama, mwanahabari, mwananchi, na wengine chungu nzima. Wingi huo ni mtego. Wanafunzi wengi siku ile waliandika mwanafunzi au mwanasheria, wakakaa robo saa nzima wakitazama dirishani. Funzi haitawali. Sheria, ijapokuwa ni jina kamili, haina neno ambatano inaloliongoza. Mwenye busara hachagui mwana wa kwanza anayemjia akilini, bali hutazama hatua inayofuata kabla ya kuinua mguu.

Wapo waliotazama hatua moja mbele. Mmoja aliandika mwanambuzi, akaendelea kwa mbuzimawe, yule paa mdogo akaaye miambani, halafu akasimama. Mwingine aliandika mwanapunda, kisha pundamilia, naye akasimama. Hizo ni pete mbili mbili, zote za haki. Njia ya mwanamaji na majitaka nayo ni pete mbili. Mwingine aliandika mwanahewa, askari wa jeshi la angani, akaendelea kwa hewaukaa, yaani ile gesi tunayoitoa tunapopumua na ambayo moto huitoa uunguzapo kuni. Pete mbili tena.

Mwanafunzi wa tatu aliiona hewa hiyo hiyo, lakini hakuiendea moja kwa moja. Nadhani alifikiri hivi: hewa yaweza kuanza hewaukaa, basi hewa ni jiwe zuri la kukanyaga, je, liko jiwe jingine kati ya mwana na hewa? Akalipata: anga. Mwanaanga ni mtu asafiriye nje ya dunia, na tangu Yuri Gagarin aizunguke dunia mwaka 1961 tumelihitaji neno hilo. Wengi wao ni wanaanga, alama ya wingi iko mwanzoni, na nusu mbili hazikubali mgeni katikati. Angalia pia zile a mbili zilizokaa bega kwa bega bila kumezana, tofauti na zile za mwanadamu. Mshono hapa uko wazi hata kwa asiyejua kusoma haraka. Kutoka anga akafika angahewa, lile blanketi la hewa linaloizunguka dunia. Kutoka hewa akafika hewaukaa. Pete tatu, na kila mshono ni wa kweli.

Nina la ziada la kusema juu ya mnyororo huu, ijapokuwa mchezo haudai. Mara nyingi mnyororo wa maneno huruka kutoka jambo hadi jambo kama panzi, nao hauna lawama kwa hilo. Lakini huu una maana inayofuatana. Mwanaanga ni mtu aliyetoka nje ya angahewa. Na ndani ya angahewa hiyo imo hewaukaa, kiasi cha sehemu 4 tu katika kila sehemu 10,000. Tumeshuka kutoka mtu hadi kile kinachoizunguka dunia yake, na kutoka hicho hadi punje ndogo iliyomo ndani yake. Sidhani mwandishi alikusudia. Majina machache yanayoweza kukaa mbele na nyuma ni yale ya vitu vikubwa vya dunia, maji, hewa, anga, ardhi, na anayepita juu yao hana budi kuzungumza habari za dunia.

Waweza kuuliza, je, mnyororo huo ungeweza kurefushwa? Kwa mbele, nimejaribu nikashindwa. Ukaa hautawali. Kwa nyuma inawezekana, iwapo hatubanwi na neno la kuanzia: mke wa mwana huitwa mkazamwana, na neno hilo likitangulia tunapata mkazamwana, mwanaanga, angahewa, hewaukaa. Pete nne. Huo ndio mrefu kuliko yote niliyopata kuifunga inayopita kwa mwana bila kughushi. Na nyuma ya mkaza hapana kitu, kwa sababu mkaza ni katika zile nusu zisizopokea.

Ili usidhani kwamba mwana peke yake ndiye mwenye bahati, nakupa mnyororo mwingine ulioanzia kwa neno gumu, kipima. Neno hili ni la kundi lile la matendo, na vitu vingi hupimwa: hewa, mvua, pembe. Anayekwenda kwa hewa anapata kipimahewa, kisha hewaukaa, basi. Lakini joto ni jiwe lenye nafasi zaidi. Kipimajoto ni kile chombo ambacho mganga humwekea mgonjwa. Jotoardhi ni ule moto wa chini ya ardhi ambao hapa Kenya, kule Olkaria, mvuke wake huendesha mitambo ya umeme. Kutoka ardhi tunafika ardhioevu, nchi ya majimaji kama vile vinamasi na mbuga zenye tope. Oevu ni sifa, nasi tumefika ukutani. Pete tatu tena. Ukiyaweka karibu, utaona kwamba jotoardhi na angahewa ni maneno ya wataalamu, hayakutoka kwa wahenga wetu. Watu wa elimu ya dunia na mitambo walihitaji kuviita vitu vipya, wakayaunganisha majina kwa majina, na bila kukusudia wakatuwekea mawe mengine mtoni. Mchezaji wa miaka mia moja iliyopita asingeweza kuvuka mahali tunapovuka sisi.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Niliposhinda nikitafakari habari hii, nilizitafuta karatasi zile, nazo bado zilikuwa katika sanduku la vitabu vyangu. Wenyewe walikuwa wamebakiza muhula mmoja shuleni. Niliwaita watatu, nikawasomea hukumu mpya kama nilivyokusomea wewe. Yule wa takatifu alicheka, akasema alikuwa anajua tangu mwanzo kwamba tifu haina maana, lakini mimi nilikuwa nahesabu tu. Yule wa motokaa alitetea moto wake kwa muda mrefu, na hata leo sina hakika kwamba amekubali. Kalamu ilikuwa imekwisha kupotea, nikanunua nyingine.

Wa tatu hakusema neno. Nilipokuwa namrudishia karatasi yake niliiinua kwenye mwanga, na ndipo nilipoona, chini ya hewaukaa, mahali palipofutwa kwa raba. Kalamu ya risasi ilikuwa imeacha alama yake. Alikuwa ameandika pete ya nne, ukaaji. Ukaaji watokana na kaa, tendo la kukaa. Haukuambatana na neno lolote, wala hauna undugu na ukaa wa hewa. Alikuwa ameliona hilo mwenyewe, robo saa haijaisha, akalifuta; na juu ya pale alipofuta ndipo mimi nilipoandika kwa wino mwekundu kwamba amekata tamaa mapema.